Kuagana kwa Kiingereza: Neno Moja, Mawili, au Kistari?

Mwaka 1934 mwandishi wa Uingereza James Hilton alichapisha kitabu chembamba kuhusu mwalimu mzee wa shule ya bweni. Jina la kitabu liliandikwa "Good-bye, Mr. Chips", kistari kikiwa kimesimama katikati ya neno la kwanza. Miaka mitano baadaye hadithi hiyo ikaingia kwenye sinema, Robert Donat akacheza nafasi ya mwalimu na kuondoka na tuzo ya Oska mbele ya Clark Gable wa "Gone with the Wind". Filamu ilipewa jina lile lile, ila kistari hakikuonekana tena: "Goodbye, Mr. Chips".

Anayesoma ukurasa huu huku mchapaji wa kadi akimsubiri asicheleweshwe. Leo "goodbye" ni neno moja, halina nafasi wala kistari. Akiliandika hivyo kwenye kadi, barua, keki au tangazo la ofisi, hakuna mhariri wa London au New York atakayemsahihisha. "Good-bye" si kosa, ni namna ya kizamani ambayo baadhi ya wachapishaji bado wanaipenda. "Goodby", bila herufi ya mwisho, ilitumika sana kwenye magazeti ya Marekani karne iliyopita na sasa huonekana kwa nadra. Kamusi ya Merriam-Webster huiweka "goodbye" mbele, kisha ikazitaja hizo nyingine kuwa si za kawaida sana. Ya kuepukwa kabisa ni moja tu, nayo ndiyo inayopendwa mno na waandishi wa kadi wa huku kwetu: "good bye", maneno mawili.

Kwa nini hiyo ndiyo mbaya, wakati "good night" na "good morning" ni maneno mawili na hakuna anayelalamika?

Sababu ni kwamba "good" iliyomo ndani ya "goodbye" haina ukoo na wema wowote. Waingereza wa karne ya 16 walipoagana walimwombea mwenzao awe na Mungu: "God be with ye". Maneno manne yanayotamkwa kila siku, mlangoni na njiani, hayadumu yakiwa mazima, ulimi huyabana. Katika barua za miaka ya 1570 za Gabriel Harvey, msomi wa Cambridge, tayari limo neno "godbwye", limeshonwa pamoja kama linavyotamkwa. Katika mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, uliochapishwa mwaka 1623, wapiga chapa waliandika "God buy you", na hapo hakuna mtu aliyekuwa akinunua kitu. Kila mtu aliandika alichokisikia.

Baadaye "God" ikageuka "good". Haikugeuka kwa sababu watu walimsahau Mungu, bali kwa kuwa salamu za jirani zilikuwa nyingi na zote zilianza na "good": "good day", "good evening", "good night". Neno lililokuwa peke yake likavutwa likaingia kwenye safu. Kilichobaki mwishoni, yaani "bye", kilikuwa mabaki ya "be with ye". Hakikuwahi kuwa nomino. Kwa hiyo anayeandika "good bye" kwa maneno mawili anamwambia msomaji kwamba kuna kitu kinaitwa "bye" na kwamba hicho kitu ni chema. Hakuna kitu cha namna hiyo. Usiku upo, asubuhi ipo, jioni ipo; ndiyo maana "good night", "good morning" na "good evening" zinastahimili kutenganishwa.

Msomaji wa Kiswahili anaujua mchezo huu kutoka nyumbani. "Kwa" na "heri" zilisogeleana zikawa "kwaheri", na anayeaga kundi zima husema "kwaherini", ile "ni" ikining'inia mwishoni mwa neno zima kana kwamba halijawahi kuwa mawili.

Sasa kistari kilitoka wapi? Maneno mawili ya Kiingereza yanayozoeana mara nyingi hupitia hatua tatu. Kwanza hukaa mbalimbali, kisha huunganishwa kwa kistari, mwishowe hushikamana. Si yote yanayofika mwisho wa safari, na mengine hurudi nyuma. "Goodbye" ilianza ikiwa imeshikamana, ikapasuliwa na waandishi waliotaka kuonyesha "good" iliyomo, ikakaa na kistari karne nzima ya 19 na sehemu ya karne ya 20, halafu ikashikamana tena. Robert Graves alipochapisha kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1929, kitabu kiliitwa "Good-bye to All That". Matoleo mengi ya baadaye ya kitabu hicho hicho yana "Goodbye". Christopher Isherwood alipotoa "Goodbye to Berlin" mwaka 1939, alikuwa upande wa wageni wa zama mpya.

Tukio lililowashtua wapenzi wa tahajia lilikuja mwaka 2007. Toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari kwenye maneno yapatayo 16,000. Mengine yaliunganishwa moja kwa moja, kama "bumblebee", "crybaby" na "pigeonhole". Mengine yalitenganishwa kabisa, kama "ice cream", "fig leaf" na "test tube". Wahariri wa kamusi hawakukaa kikao wakaamua kuvichukia vistari. Walikuwa wanafuata maandishi ya watu, na watu walikwisha kuacha kuvitumia. Mwandishi wa Afrika Mashariki aliyefundishwa Kiingereza kwa vitabu vya miaka ya 1960 hana haja ya kuona haya kwa kuandika "good-bye". Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo vitabu vilivyosema. Asichotakiwa kufanya ni kuandika "good-bye" ukurasa wa kwanza na "goodbye" ukurasa wa tatu.

Hapa ndipo ushauri unapokuwa mgumu kidogo, kwa kuwa mtu akishajua kwamba "goodbye" imeshikamana hutamani kushikamanisha kila neno la kuagana, au kuweka kistari pale asipokuwa na uhakika. Kistari cha Kiingereza hakiwekwi kwa wasiwasi. Kinawekwa kwa sababu ya kazi ambayo neno linafanya katika sentensi, na hakuna neno linaloonyesha jambo hili waziwazi zaidi ya lile ambalo Watanzania wamelifanya lao: sendofu.

Kwa asiyeishi Tanzania, sendofu ni sherehe ambayo familia ya bibi harusi huandaa kabla ya ndoa ili kumuaga binti yao. Ina kamati, ina kadi za mchango, ina keki na mshereheshaji wake, na wakati mwingine hushindana kwa ukubwa na harusi yenyewe. Kadi zake nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na katika kadi hizo neno hili lina sura tatu: "SEND OFF", "SEND-OFF" na "SENDOFF". Kuna kadi zenye sura mbili kati ya hizo, moja juu kwa maandishi ya dhahabu, nyingine chini karibu na namba za simu za wanakamati.

Sherehe ni nomino, na nomino hiyo kwa Kiingereza cha kamusi ni "send-off", yenye kistari. Kwa hiyo "send-off party", "her send-off", "two send-offs". Wingi unakwenda mwishoni, na hakuna alama ya kumiliki inayohitajika. Lakini kitendo chenyewe hakina kistari kamwe: "we will send her off on Saturday". Neno "her" limeingia katikati, na hilo peke yake ni ushahidi kwamba "send" na "off" bado ni maneno mawili hapo. Huwezi kumpitisha mtu katikati ya neno moja.

Jaribio la haraka ni kuigeuza sentensi iwe ya wakati uliopita. Ikiwa "send" inakubali kuwa "sent", unashughulika na kitenzi, na maneno yanakaa mbalimbali: "the family sent her off with gifts". Ikiwa haikubali, kama katika "the send-off was beautiful", ni nomino na kistari kinabaki. Jaribio hili linachukua sekunde mbili na linaokoa kadi mia tatu zilizokwisha kuchapwa. "Sendoff" iliyoshikamana huonekana kwa waandishi wa Marekani na huenda siku moja ikashinda, kama "goodbye" ilivyoshinda. Kwa sasa kistari ndicho salama.

Wapenzi wa soka wana mkanganyiko wao wa pembeni. Mchezaji aliyeoneshwa kadi nyekundu "is sent off", na tukio lenyewe kwa Waingereza ni "a sending-off". Kuandika kwamba beki alipata "send-off" dakika ya 70 ni kumpa picha msomaji kwamba wenzake walimkatia keki.

Jaribio lile lile la wakati uliopita linamaliza ugomvi wa neno la pili kwa umaarufu katika kadi za kuaga, yaani "farewell". Hili nalo lilikuwa mawili. "Fare" ya zamani ilikuwa kitenzi chenye maana ya kusafiri au kwenda. Aliyebaki alimwambia anayeondoka asafiri vyema. Kitenzi hicho kimechakaa, lakini ndugu yake yumo katika kila daladala na matatu, maana nauli kwa Kiingereza ni "fare" hiyo hiyo, ambayo kwanza ilikuwa safari na baadaye ikawa malipo ya safari. "Farewell" ilishikamana mapema sana, na leo haina kistari, haina nafasi: "a farewell speech", "they bade him farewell", "a sad farewell".

Tatizo ni kwamba kitenzi "fare" hakijafa kabisa. Kinaishi katika maana ya kufanikiwa au kushindwa. Mkuu wa shule anayeandika kuhusu matokeo ya kidato cha nne atasema wanafunzi wake "fared well", na akizungumzia mwaka ujao atasema anatumaini "they will fare well". Hapo ni maneno mawili, na akiyaunganisha atakuwa amewaaga wanafunzi badala ya kuwatakia ushindi. Geuza wakati uone: "fared well" inakubalika, kwa hiyo tenganisha. "A fared well party" haikubaliki, kwa hiyo unganisha.

Ipo namna ya tatu, "fare-thee-well", yenye vistari viwili, ambayo Wamarekani huitumia kama nomino kwa kitu kilichofanywa hadi ukamilifu. Inavutia lakini haiwahusu wanakamati wa sendofu.

"Good night" inahitaji maneno machache tu. Ukimuaga mtu usiku, andika mawili: "Good night". Waingereza wengi huandika "goodnight" na kamusi zao zinairuhusu, lakini mawili yanakubalika pande zote za bahari. Likisimama mbele ya nomino, kama katika busu la kumlaza mtoto, ama huunganishwa au hupewa kistari: "a goodnight kiss", "a good-night kiss". Kitabu maarufu cha watoto cha Margaret Wise Brown cha mwaka 1947 kinaitwa "Goodnight Moon". Filamu ya mwaka 2005 kuhusu mtangazaji Edward R. Murrow inaitwa "Good Night, and Good Luck". Yote mawili ni ya Marekani, na yote mawili ni sahihi. Na kwa kuwa swali hili huulizwa: "good night" ni ya kuagana tu. Anayeingia ukumbini saa mbili usiku na kuanza hotuba anasema "good evening". Akisema "good night", wazungumzaji wa Kiingereza watadhani amekwisha kumaliza.

Kuna kundi la maneno ambalo halijasalimu amri mbele ya wimbi la kuondoa vistari, nalo ni maneno ya utani na ya kitoto. "Bye" peke yake haina shida, ila ikirudiwa kamusi huiandika "bye-bye". Hali kadhalika "ta-ta" ya Waingereza, na "toodle-oo" ambayo leo husikika zaidi kwenye filamu za zamani kuliko mitaani. Sauti inaporudiwa, kistari kinamsaidia msomaji kujua kwamba ni pumzi moja. Wanamuziki hawajali: wimbo wa Everly Brothers wa mwaka 1957 ni "Bye Bye Love", na *NSYNC waliimba "Bye Bye Bye" mwaka 2000 bila kistari hata kimoja. Jina la wimbo ni la mwenye wimbo. Katika sentensi yako mwenyewe, weka kistari.

"Bye" hiyo hiyo ina majirani wawili wanaosikika sawasawa na kuandikwa tofauti, "by" na "buy", na kompyuta haitakuokoa kwa sababu yote matatu ni maneno halali. "Good buy" ni bidhaa iliyonunuliwa kwa bei nzuri. Duka likibandika "GOOD BUY!" mlangoni linasifu bei zake, haliwaagi wateja. Mwanafunzi akifunga barua yake kwa "good buy" amerudi bila kujua mwaka 1623.

Na "so long"? Mawili, bila kistari. Limekuwa likitumika Marekani tangu katikati ya karne ya 19, na Walt Whitman alilifanya kuwa jina la shairi mwaka 1860. Wapo waliodai kwamba asili yake ni "salaam", limepitia lugha ya Kimalei na mabaharia hadi bandari za Uingereza na Marekani. Msomaji wa pwani angependa iwe hivyo. Kamusi huyataja madai hayo pamoja na mengine, kisha hukiri kwamba chanzo hakijathibitishwa, kwa hiyo isiingie kwenye hotuba kama ukweli.

Tuchukue sasa kadi moja nzima, ya aina inayopatikana katika ofisi yoyote mtu anapostaafu. Katibu muhtasi ameiandika, wenzake wamesaini, na mchapaji anasubiri neno la mwisho. Kichwa kinasema "GOOD BYE AND FARE WELL". Chini yake kuna mistari minne. Wa kwanza unamtakia mstaafu "a well deserved rest". Wa pili unasema "we are here to send-off our colleague". Wa tatu unamkaribisha kwenye "going away party" Ijumaa. Wa nne unafunga kwa "we say our goodbye's with tears".

Kichwa kwanza. "Goodbye and Farewell" ni maneno matatu, si matano. Hapa "goodbye" iliyoshikamana ina faida nyingine: kichwa kikiandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, mwenye "Good-bye" lazima ajiulize kama "b" nayo iwe kubwa. Wachapishaji wenyewe hawakubaliani. Mwenye "Goodbye" hana swali.

Mstari wa kwanza unahitaji kistari ambacho hakipo. "Well deserved" imesimama mbele ya nomino "rest" na maneno hayo mawili yanafanya kazi ya kivumishi kimoja, kwa hiyo "a well-deserved rest". Lau sentensi ingekuwa "the rest is well deserved", kivumishi kikiwa baada ya nomino, kistari kingeondoka. Kanuni hii ya mbele na nyuma ndiyo inayowapa watu shida kuliko zote, na ndiyo yenye manufaa zaidi. Anayeimudu hatauliza tena kuhusu nusu ya vistari vya Kiingereza.

Mstari wa pili una kistari ambacho hakitakiwi. Hapo "send off" ni kitenzi: "we are here to send off our colleague". Kama katibu muhtasi angependa kulitaja tukio, angeandika "we are here for our colleague's send-off". Mistari hii miwili, wa kwanza na wa pili, hutokea pamoja mara nyingi ajabu. Mwandishi huweka kistari pasipohitajika na kukinyima panapohitajika, nadhani kwa sababu kwenye kitenzi anasikia maneno mawili yameshikana mikono, ilhali kwenye kivumishi hasikii chochote.

Wa tatu ni kanuni ya mbele tena: "a going-away party". Ila "he is going away" haina kistari. Anayetaka kukwepa jambo lote aandike "a farewell party" au "a goodbye party", zote sahihi na hazina kistari, kwa sababu "farewell" na "goodbye" tayari ni neno moja moja. Usiweke kistari kati ya "goodbye" na "party". Nomino moja ikiitangulia nyingine hukaa nayo kwa amani bila kufungwa kamba.

Mstari wa nne hauna tatizo la kistari bali la alama ndogo ya juu. Wingi wa "goodbye" ni "goodbyes". Alama ya kumiliki inamfanya msomaji angoje kitu ambacho "goodbye" inamiliki, na hakitokei. Kosa hili linaonekana kwa wenye lugha wenyewe, hivyo katibu muhtasi hayuko peke yake. Na ikiwa kadi inamtaja mstaafu kwa jina au kwa cheo, weka mkato kabla yake: "Goodbye, Director". Mkato huo ndio uliopo baada ya "Good-bye" ya Hilton, na ulibaki hata kistari kilipoondoka.

Kadi iliyosahihishwa imepoteza nafasi mbili, kistari kimoja na alama moja, na imepata vistari viwili. Hakuna neno lililobadilishwa maana.

Limebaki suala la kompyuta, maana huko ndiko makosa mengi huingia bila mwandishi kujua. Kikagua tahajia cha kawaida huangalia neno moja moja. "Good" ipo kwenye orodha yake, "bye" ipo, basi "good bye" hupita bila mstari mwekundu. Usikitegemee. Kabla ya kutuma waraka mrefu, bonyeza Ctrl+F utafute "good bye" yenye nafasi, kisha utafute tena "good-bye" yenye kistari. Usibadilishe yote kwa mpigo kwa Ctrl+H, kwa sababu huenda ndani ya waraka kuna jina la kitabu cha Hilton au cha Graves, au jina la filamu ya Kijerumani ya mwaka 2003, "Good Bye, Lenin!", iliyoandikwa kwa maneno mawili. Majina ya kazi za watu hunakiliwa yalivyo.

Kistari cha bahati mbaya huingia kwa njia nyingine pia. Safu ya gazeti ni nyembamba, na "goodbye" likiangukia mwisho wa mstari hukatwa: "good-" juu, "bye" chini. Ukatwaji huo ni halali. Lakini mtu akinakili maandishi hayo kutoka kwenye faili la PDF na kuyabandika kwenye waraka mpana, kistari cha kukatia kinaweza kubaki katikati ya mstari, na ghafla ripoti ya mwaka huu ina tahajia ya mwaka 1929. Ukiona "good-bye" moja peke yake kati ya "goodbye" kumi, chanzo mara nyingi ni hicho.

Kinyume chake ni pale unapotaka kistari kibaki na maneno yasitengane. "Send-off" ikikatika kwenye kadi ili "send-" ibaki mstari wa juu na "off" ishuke peke yake, kadi inachukiza hata kama tahajia ni sahihi. Katika Microsoft Word, badala ya kubonyeza kistari cha kawaida, bonyeza Ctrl+Shift na kistari kwa pamoja. Hicho ni kistari kisichokatika. Neno zima litashuka mstari wa chini likiwa pamoja. Kwenye programu za kusanifu kadi ambazo hazina njia hiyo, punguza ukubwa wa herufi kidogo au vunja mstari mwenyewe kabla ya neno, halafu itazame kadi tena katika ukubwa wake halisi kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, kwa sababu mpangilio wa mistari unaweza kubadilika faili linapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na herufi zile zile.